Cheti cha riba kimekuja na nambari isiyoeleweka: mahali pa kutafuta kosa

Kuanzia Mei hadi mwisho wa Juni, wengi wanaofika kwenye meza yangu hapa Nakuru huja na bahasha ya benki na swali moja: mbona riba iliyoandikwa humu si ile niliyolipa? Kazi yangu ni kuwajazia watu ritani, na katika mikopo ya nyumba ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi. Kuandika nambari kwenye iTax ni dakika tano. Kinachokula siku ni kuirudisha karatasi benki ili itengenezwe upya.

Karatasi yenyewe ni cheti cha riba. Ukienda kaunta au ukiandika barua pepe, itaje kwa jina ambalo benki hulichapisha juu yake, yaani "Interest Certificate", maana ofisa akisikia "karatasi ya mkopo" tu anaweza kukupa chochote. Cheti husema kwamba kati ya Januari 1 na Desemba 31 za mwaka fulani, mteja huyu alilipa riba kiasi hiki kwenye mkopo huu wa nyumba. Ukiwa nacho unaweza kutoa riba hiyo kwenye mapato yako kabla hayajatozwa kodi, mradi nyumba ni ile unayoishi mwenyewe. Kiwango cha juu kwa sasa ni shilingi 360,000 kwa mwaka, au 30,000 kwa mwezi. Kilipandishwa kutoka 300,000 na sheria iliyoanza kutumika Desemba 27, 2024, kwa hiyo ritani ya mwaka 2025 inatumia kiwango kipya.

Nitayapitia matatizo kwa namna wenyewe wanavyoyaeleza wakifika.

"Wamenipa karatasi kumi na mbili, ofisi ya mishahara imezikataa"

Umepewa stetimenti. Stetimenti huorodhesha kila kilichoingia na kutoka kwenye akaunti ya mkopo, na riba imo humo ndani, ila imetawanyika mwezi kwa mwezi na kuchanganyika na bima na ada. Hakuna mahali ambapo benki imejumlisha na kusema "hii ndiyo riba". Karani wa mishahara hana ruhusa ya kukujumlishia, na hata akiwa nayo hataki lawama.

Lakini usiitupe. Fomu ya P9A, ambayo mwajiri huijaza kwa mfanyakazi anayedai riba ya nyumba, inataka cheti pamoja na stetimenti, na tamko lililotiwa sahihi na mfanyakazi. Pia inauliza jina la taasisi iliyokopesha, nambari ya ardhi, yaani L.R. No., na tarehe uliyohamia nyumbani humo. Benki haijui ulihamia lini, hilo utaliandika mwenyewe. Nambari ya ardhi wanayo kwa sababu hati yako iko kwao, basi waambie waiweke kwenye cheti. Waambie pia waandike PIN ya benki yenyewe, ile inayoanza na herufi P, kwa kuwa iTax itakuuliza PIN ya mkopeshaji na hutaki kuanza kuitafuta Juni 29 usiku.

Ombi zuri ni fupi. Mimi huwaandikia wateja wangu hivi:

"Naomba cheti cha riba iliyolipwa kuanzia Januari 1, 2025 hadi Desemba 31, 2025 kwa mikopo yote ya nyumba iliyo kwa jina langu, pamoja na akaunti zilizofungwa ndani ya mwaka huo. Tafadhali onyesheni kila akaunti peke yake: salio la mwanzo, salio la mwisho, riba iliyolipwa, na ada mbali na riba. Andikeni pia PIN ya benki na nambari ya ardhi. Naomba na stetimenti ya kipindi hichohicho."

Maneno "pamoja na akaunti zilizofungwa" yana sababu. Ndiyo hadithi inayofuata.

"Nimelipa mwaka mzima, cheti kinaonyesha nusu"

Hili ndilo tatizo linalopoteza pesa nyingi kuliko mengine yote, na mwenyewe anaweza asiligundue kabisa. Cheti ni kisafi, kina mhuri, kina sahihi mbili. Nani atashuku?

Mwalimu mmoja wa hapa Nakuru, mwenye nyumba upande wa Kiamunyi, alinijia na cheti cha mwaka 2025 kilichosema alilipa riba ya shilingi 136,436. Alikuwa ameridhika nacho. Nilimuuliza anakatwa kiasi gani kwa mwezi, akasema 31,500, na hajawahi kuruka mwezi. Hiyo ni 378,000 kwa mwaka. Kwa mkopo ambao bado una deni la zaidi ya milioni mbili, haiwezekani riba iwe 136,436 peke yake. Ingekuwa hivyo, shilingi 241,564 zingekuwa zimepunguza deni, na salio lingeporomoka mbele ya macho yake. Halikuwa limeporomoka.

"Mwalimu," nikamuuliza, "nambari hii ya akaunti kwenye cheti ndiyo uliyoanza nayo?"

Akaitazama. "Hapana. Hii ni ile mpya. Juni niliwaomba wanipunguzie riba, wakaupanga mkopo upya."

Basi. Benki inapoupanga mkopo upya, mara nyingi sistimu hufunga akaunti ya zamani na kufungua nyingine. Kwa mteja ni mkopo uleule, nyumba ileile, makato yaleyale. Kwa kompyuta ni mikopo miwili, mmoja umekwisha. Ofisa akiombwa cheti, anaandika nambari ya akaunti iliyo hai, anabonyeza, na kinachotoka ni Julai hadi Desemba. Hakuna aliyedanganya. Akaunti ya zamani haikuulizwa, nayo haikujibu.

Jambo hili hili hutokea kama benki imebadilisha sistimu na kuwapa wateja nambari mpya, au kama imenunuliwa na nyingine. Na kama mkopo wako ulichukuliwa na benki ya pili katikati ya mwaka, hapo unahitaji vyeti viwili kutoka benki mbili. Benki mpya haiwezi kukuandikia riba ambayo haikuipokea.

Dalili zake unaweza kuziona bila kuwa mhasibu. Tazama tarehe ya kuanzia kwenye cheti. Kama si Januari 1, simama hapo. Tazama salio la mwanzo: likiwa sifuri, akaunti hiyo ilizaliwa ndani ya mwaka. Kisha linganisha nambari ya akaunti na ile iliyo kwenye makato yako ya Januari.

Kuna pia kipimo cha hesabu, na ningependa kila mwenye mkopo wa nyumba akifanye kabla ya kukubali cheti chochote. Chukua ulicholipa mwaka mzima. Ondoa kiasi ambacho deni limepungua tangu mwanzo wa mwaka hadi mwisho. Kinachobaki hakikupunguza deni, kwa hiyo kimekwenda kwenye riba au ada.

Riba pamoja na ada = malipo yote − (salio la mwanzo − salio la mwisho)

Kwa mwalimu, deni mwanzoni mwa 2025 lilikuwa 2,140,000. Desemba 31 lilikuwa 2,068,075. Limepungua kwa 71,925. Alilipa 378,000, kwa hiyo 306,075 ilikwenda kwenye riba na ada. Cheti kinasema 136,436. Pengo ni 169,639, na hapo nikajua tunarudi benki.

Tulienda asubuhi ya Jumanne, maana Jumatatu foleni haiendi. Dada wa kaunta alikuwa mpole. "Madam, sistimu inaonyesha hiki tu." Nikamwomba aingize nambari ya zamani, ile iliyo kwenye stetimenti ya Machi. Akaingiza, akanyamaza kidogo, akasema akaunti imefungwa na tawi halina ruhusa ya kutoa cheti chake, ombi lazima liende makao makuu. Hilo ni la kawaida pia, usikasirike naye. Mwombe tu akuandikie nambari ya kumbukumbu ya ombi na tarehe, kisha ulitume ombi hilohilo kwa barua pepe ukinukuu nambari hiyo.

Cheti cha pili kilipofika kilisema Januari hadi Juni, riba 148,639. Ukijumlisha na 136,436 unapata 285,075. Bado si 306,075. Tofauti ni 21,000 kamili.

"Hesabu yangu ni kubwa kuliko ya benki"

Nambari iliyotimia hivyo, bila mia za juu, haifanani na riba. Inafanana na ada. Tukafungua stetimenti: salio la akaunti ya zamani siku ya kufungwa lilikuwa 2,099,639, na akaunti mpya ilianza na 2,120,639. Benki ilitoza 21,000 kwa kazi ya kupanga mkopo upya, na badala ya kumwomba mwalimu alipe mkononi, ikaiongeza kwenye deni. Alikuwa ametia sahihi kwenye barua ya masharti. Hakuikumbuka, na nani huikumbuka?

Ada si riba. Hata ikiongezwa kwenye deni na kuanza kuzaa riba, yenyewe haigeuki kuwa riba, na huwezi kuidai. Kwa hiyo 285,075 ya benki ilikuwa sahihi, na 306,075 ya kipimo changu ilikuwa imebeba ada ndani yake. Vivyo hivyo kwa bima ya maisha na ya moto inayokatwa kupitia mkopo, gharama za wakili, na adhabu ya kulipa mapema. Kipimo changu kazi yake ni kukuonyesha kama kuna kitu kimepotea. Hakikupi nambari ya kuandika kwenye ritani.

Wengine hukosana na benki kwa sababu nyingine: wanashika ile ratiba ya marejesho waliyopewa siku ya kusaini, wanajumlisha safu ya riba ya mwaka wa nne, na nambari haioani. Ratiba ile ilichapishwa kwa kiwango cha siku ile. Kama mkopo wako ni wa riba inayopanda na kushuka, ilikufa siku kiwango kilipobadilika mara ya kwanza, na katika mwaka 2025 Benki Kuu ilishusha kiwango chake zaidi ya mara moja. Benki nyingi pia huhesabu riba kwa siku, hivyo mwezi wa siku 31 hutozwa zaidi kidogo ya Februari. Tofauti ya mia kadhaa kwa mwaka iache ipite. Tofauti inayokaribia riba ya mwezi mzima, hiyo ifuate.

Mara nyingi hiyo ya mwezi mzima hutokana na malimbikizo. Tuseme makato ya Novemba na Desemba hayakuingia kwa sababu mshahara ulichelewa. Benki iliendelea kutoza riba kwenye akaunti miezi yote 12, lakini wewe ulilipa ya miezi 10. Cheti kinaweza kuandikwa kwa riba iliyotozwa au kwa riba iliyolipwa, na hizo ni nambari mbili. Sheria ya kodi ya mapato inazungumzia riba uliyolipa. Ndiyo maana kwenye barua niliweka neno "iliyolipwa", na ukiona cheti kimeandikwa "charged" au "accrued" huku una malimbikizo, rudisha uombe kinachosema "paid". Kama huna malimbikizo, nambari hizo mbili zitakaribiana sana na huna haja ya kusumbua mtu.

"Cheti kiko sawa, lakini dai limekataliwa"

Hapa kosa haliko benki tena, na kurudi kwenye kaunta ni kupoteza nauli.

Kwanza uliza: unaishi humo? Nimekutana na watu wanaofanya kazi Kisumu, wamepanga Migosi, huku nyumba waliyokopea iko Kakamega na ina mpangaji. Cheti ni halali kabisa, lakini riba ile si ya nyumba unayoishi. Na kama kodi ya pango unailipia kwa mfumo wa kila mwezi wa asilimia 7.5, hiyo hutozwa kwenye pango lote bila kutoa gharama yoyote, kwa hiyo hata huko cheti hakina kazi. Kitakuwa na kazi ikiwa mapato ya pango unayatangaza kwa mwaka pamoja na gharama zake, nayo ni hesabu nyingine.

Ukihamia katikati ya mwaka, unachodai hupungua kulingana na muda ulioishi humo. Mtu aliyeanza kulipa mkopo Machi na kuingia nyumbani Septemba anahesabu miezi minne. Hapa cheti cha mwaka mzima kinaweza kukuponza, kwani kinaonyesha nambari kubwa kuliko unayostahili, nawe unaiandika yote kwa nia njema. Omba kitolewe mwezi kwa mwezi, au itoe riba ya Septemba hadi Desemba kwenye stetimenti na kuambatisha vyote viwili.

Nyumba zikiwa mbili, unadai moja tu. Mke na mume waliokopa pamoja hawawezi kila mmoja kuandika jumla yote ya cheti kimoja kwenye ritani yake. Waombe benki iweke majina na PIN za wote wawili, na stetimenti ionyeshe makato yalitoka kwenye akaunti ya nani.

Halafu kuna lile ambalo nalikuta sana kwa watu wa magharibi: mkopo wa mshahara. Mtu amechukua mkopo wa kukatwa kwenye payslip, akajenga nyumba nzuri Vihiga kwenye shamba la babake, na sasa anataka cheti cha riba. Benki itampa, maana riba amelipa kweli. Lakini kwenye sistimu mkopo ule umeandikwa kuwa wa kibinafsi, hakuna hati iliyowekwa rehani, na hati ya shamba bado ina jina la babu aliyezikwa zamani. P9A itauliza nambari ya ardhi na hana cha kujaza kilicho chake. Sheria inatazama pesa zilitumika kwa nyumba gani na zilitoka kwa taasisi ya aina gani, kwa hiyo sitasema moja kwa moja kwamba dai halipo. Nitasema kwamba bila barua ya mkopo inayotaja ujenzi au ukarabati wa nyumba hiyo, na risiti zinazofuatana na tarehe za mkopo, sijui utamwonyesha nini ofisa wa KRA akikuita. Mimi huwashauri wasidai kabla ya kuwa na karatasi hizo. Wengine hunikasirikia.

Pesa za chama au za rafiki hazihesabiwi, hata kama mliandikiana riba kwa wakili.

"Nimeomba tangu Februari, kimya"

Ukimya huwa na sababu moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kwamba ombi halikufika popote: ulimwambia mtu kwa mdomo, akaenda likizo. Dawa yake ni barua pepe kwa tawi lililotoa mkopo, nakala kwa kitengo cha huduma kwa wateja, na nambari ya kumbukumbu. Faili la rehani huwa na tawi lake. Ukikopa Nakuru ukahamishiwa kazi Kisumu, tawi la Kisumu litakupokea vizuri na kukutumia stetimenti, lakini cheti kinaweza kusubiri watu wa Nakuru au makao makuu.

Ya pili ni kwamba jina au PIN havifanani. Mkopo umeandikwa kwa jina la kabla ya ndoa, kitambulisho kina jina jipya, na ombi limewekwa kando likisubiri mtu akupigie. Hakupigi. Peleka nakala ya kitambulisho na cheti cha PIN pamoja na ombi lenyewe ili kusiwe na la kuuliza.

Kama hakuna kinachosonga, andika malalamiko rasmi kwa benki kwanza, maana popote utakapokwenda baadaye utaulizwa kama ulianza hapo. Unaweza kutaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayokupa haki ya kuona taarifa zako ambazo taasisi inazishikilia. Nimeona barua yenye mstari huo ikijibiwa haraka kuliko tatu zilizotangulia. Baada ya hapo ni Benki Kuu, ambayo ina tawi Kisumu. Kuhusu mikopo iliyokwisha zamani, usikubali kuambiwa kwamba rekodi zimefutwa ikiwa ni ya miaka miwili mitatu iliyopita. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inazitaka benki zihifadhi rekodi za wateja kwa angalau miaka 7.

Na kama Juni 30 imekaribia huku cheti hakijafika, jaza ritani bila dai hilo. Kuchelewa humtoza mtu binafsi shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Cheti kikifika, unarekebisha ritani ileile.

"Nahamisha mkopo, benki mpya inataka cheti na salio"

Hapa watu huchanganya karatasi mbili na kujikuta wamebakiza deni dogo lililonata. Cheti cha riba kinatazama nyuma. Benki mpya inakitaka kwenye faili ili ione umekuwa ukilipa vipi. Salio lililo kwenye cheti ni la Desemba 31, na si kiasi cha kumalizia mkopo leo. Kwa mwalimu wangu, deni la 2,068,075 kwa riba ya asilimia 13 linaongezeka kwa takriban shilingi 737 kila siku. Akihamisha Januari 20 kwa nambari ya cheti, kabla makato ya Januari hayajaingia, atapungukiwa na karibu shilingi 14,700, akaunti haitafungwa, na hati ya nyumba itabaki kabatini kwa benki ya zamani. Omba barua ya kumalizia mkopo. Hiyo hutaja siku ya mwisho ya kutumika kwake, na riba ya kila siku ikiwa utapitiliza. Omba pamoja nayo cheti cha sehemu ya mwaka uliyolipa pale, wakati bado wewe ni mteja wao. Ukishaondoka unakuwa akaunti iliyofungwa, na umeona kazi yake.

Mwalimu hakuwa amempa mwajiri karatasi yoyote mwaka mzima, kwa hiyo P9 yake ya 2025 haikuwa na riba hata senti, na kodi alikatwa kamili. Dai lote likaingia kwenye ritani. Katika sehemu ya riba ya nyumba tuliweka mistari miwili, PIN ya benki ni moja lakini nambari za akaunti mbili: 148,639 kwenye wa kwanza, 136,436 kwenye wa pili. Mshahara wake unafika kwenye asilimia 30 hata baada ya riba hiyo kutolewa, kwa hiyo 285,075 ilimpunguzia kodi kwa shilingi 85,522. Kile cheti cha kwanza chenye mihuri kingempa 40,930. Vyeti vyote viwili, stetimenti na barua ya masharti yenye ile ada ya 21,000 viko kwenye faili moja nyumbani kwake, na nimemwambia asikitoe hata kimoja kwa miaka 5.